Chakra saba: ufuate matini za kale au chakra za upinde wa mvua?

Ukiingia kwenye darasa la yoga leo, iwe Mumbai, London au Nairobi, hutakosa kuona picha ya mtu aliyekaa amekunja miguu, na katikati ya mwili wake vimepangwa viduara saba viitwavyo chakra, yaani vituo vya nguvu vya mwilini. Cha chini ni chekundu, kinachofuata ni cha rangi ya chungwa, kisha njano, kijani, buluu, nili, na utosini zambarau. Mwalimu atakwambia kwamba hayo ni maarifa ya maelfu ya miaka. Kisha siku moja unaamua kusoma matini zenyewe, unafungua tafsiri ya Shatchakranirupana, na unakuta chakra ya moyo ni nyekundu, ya kitovu ina rangi ya wingu zito la mvua, na neno "kujiamini" halipo popote.

Wengi hukwama hapo. Wapo wanaoona wamedanganywa na darasa lao, na wapo wanaodhani matini ya kale ndiyo iliyochanganyikiwa. Mimi naona tatizo liko kwingine: hizi ni kazi tofauti zinazotumia majina yaleyale. Ukishajua kila moja ilitungwa ifanye nini, kuchagua kunakuwa rahisi.

## Tunalinganisha nini, na kwa vigezo gani

Yapo masimulizi matatu yanayokutana kwenye vitabu na madarasa ya leo.

La kwanza ni la tantra, mapokeo ya kale ya India ya ibada na tafakuri. Yako mengi, lakini nitashika moja lililoenea kuliko yote: Shatchakranirupana ya Purnananda, mwanazuoni wa Bengal, iliyoandikwa 1577. Hii ndiyo iliyotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1919 na John Woodroffe, jaji wa Mahakama Kuu ya Kalkata, na kwa njia hiyo ikawafikia wasomaji wa nje ya India.

La pili ni la Theosofia, harakati ya kiroho iliyoanza karne ya 19, hasa kitabu cha C. W. Leadbeater cha 1927 kuhusu chakra. Leo wachache wanakisoma, lakini bila yeye ni vigumu kueleza tulifikaje hapa.

La tatu ni la upinde wa mvua, lililokomaa Marekani kuanzia miaka ya 1970. Ndilo lililo kwenye mabango, mikeka na programu za simu.

Nitayauliza yote maswali manne: chakra ni kitu gani na ziko ngapi, mtu anazifanyia nini, rangi na alama zimetoka wapi, na nani anafundisha, kwa sharti gani. Kwanza tazama majina, mahali na rangi zikiwa pamoja. Safu ya "asili" ni kile kinachounda ulimwengu, kama ardhi au maji, na ya "rangi ya kale" ni rangi ya petali kwa maelezo ya Purnananda.

| Chakra | Mahali | Petali | Asili | Rangi ya kale | Rangi ya leo |
|---|---|---|---|---|---|
| Muladhara | msamba, chini ya uti wa mgongo | 4 | ardhi | nyekundu iliyoiva | nyekundu |
| Swadhisthana | usawa wa sehemu za siri | 6 | maji | nyekundu ya kung'aa | chungwa |
| Manipura | kitovu | 10 | moto | wingu la mvua | njano |
| Anahata | moyo | 12 | hewa | nyekundu ya ua la bandhuka | kijani |
| Vishuddha | koo | 16 | anga | zambarau ya moshi | buluu |
| Ajna | kati ya nyusi | 2 | akili | nyeupe kama mwezi | nili |
| Sahasrara | utosi | 1,000 | kupita asili zote | nyeupe | zambarau au nyeupe |

## Chakra ni kitu gani, na ziko ngapi?

Ukiwauliza watu wa tantra, jibu la kwanza ni kwamba idadi hutegemea shule. Hevajra Tantra ya Wabudha inataja nne: kitovu, moyo, koo na kichwa. Siddhasiddhantapaddhati ya watawa wa Nath inataja tisa. Mpango wa sita tunaoujua leo unaonekana wazi katika Kubjikamata Tantra, takriban karne ya 10, nao ndio uliokuja kushinda mingine. Purnananda naye anahesabu sita. Sahasrara iko juu ya zote, mahali safari inapoishia, wala haimo katika hesabu yake. Kwa hiyo hata hiyo "saba" ni hesabu ya namna fulani tu ya kusoma.

Na ni kitu gani? Angalia petali za chakra sita za kwanza: 4, 6, 10, 12, 16 na 2. Zijumlishe, unapata 50, na katika hesabu ya tantra herufi za Kisanskriti ni 50. Kila petali hubeba herufi moja. Irabu 16 zote zimekaa kooni, na konsonanti zimegawanywa kwingine. Kwa mtu wa tantra ulimwengu umeumbwa kwa sauti, kwa hiyo kuziweka herufi zote mwilini ni kuuweka ulimwengu mzima humo. Chakra, kwa maana hii, ni mahali ambapo mtafakari anaambiwa ajenge picha: ua, herufi, umbo, mnyama, mungu na mungu wa kike. Matini inamwagiza aone, na hiyo ni tofauti na kumweleza kitu ambacho mpasuaji angekikuta.

Tofauti hiyo iliwahi kupimwa kwa kisu. Dayananda Saraswati, ambaye baadaye alianzisha Arya Samaj, harakati yenye mahekalu hadi Nairobi, anasimulia jinsi katika ujana wake alivyobeba vitabu vya yoga vilivyoeleza mishipa na maua ya mwilini. Siku moja aliona maiti ikielea kwenye mto Ganga. Akaivuta ukingoni, akaipasua, akautoa moyo na kuutazama, akachunguza kitovu, kichwa na shingo, huku akilinganisha na vitabu. Hakuna kilicholingana. Akavichana vitabu vile na kuvitupa mtoni pamoja na maiti. Namheshimu kwa ukweli wake, ila nadhani alikitafuta kitu mahali ambapo watungaji wengi hawakukiweka.

Leadbeater alikwenda njia nyingine kabisa. Kwake chakra zipo kweli, nje ya picha yoyote unayojenga, kama vizingia vinavyozunguka juu ya mwili wa nishati, na yeye alidai kuviona kwa jicho la ndani. Alihesabu hata njiti zake, zinazoshika nafasi ya petali: paji la uso 96 badala ya 2, na utosi 972 badala ya 1,000. Ya pili aliihamisha kabisa, akaiondoa kwenye sehemu za siri na kuiweka kwenye bandama, kwa kuwa aliona ni hatari kuamsha kituo cha uzazi. Woodroffe aliyasoma maandishi ya awali ya Leadbeater na akaonyesha kwamba hayalingani na mafundisho ya Kihindi.

Simulizi la upinde wa mvua lilichukua kutoka pande zote mbili: majina, mahali na petali kutoka kwa Purnananda, na wazo la vituo halisi vya nishati kutoka Theosofia. Likaongeza tezi za mwili na hatua za ukuaji wa mtu. Idadi ikawa saba, na haibadiliki.

## Mtu anazifanyia nini?

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Kama una muda wa kusoma sehemu moja tu ya makala hii, isome hii.

Katika tantra, chakra hutumika ndani ya ibada. Kabla ya kumwabudu mungu wake, mtu husafisha asili tano zinazounda mwili, kazi iitwayo bhutashuddhi. Anakaa, anatuliza pumzi, na kwa mantra, maneno matakatifu ya kurudiwa, anaamsha kundalini, nguvu ya kike iliyojikunja mara tatu na nusu kule Muladhara. Inapopanda, kila asili inayeyuka ndani ya ile iliyo juu yake: ardhi ndani ya maji, maji ndani ya moto, moto ndani ya hewa, hewa ndani ya anga, anga ndani ya akili, mpaka kila kitu kimerudi kwenye chanzo. Huko utosini kundalini inaungana na mungu Shiva. Kisha mwabudu anauwazia mwili wa dhambi ukikaushwa kwa silabi "yam", ukachomwa kwa "ram", na mwili mpya ukaumbwa kwa maji ya uhai ya "vam". Halafu kila kitu kinashushwa tena mahali pake, na ibada inaanza.

Yatazame mambo mawili hapo. Kwanza, lengo ni kuyeyusha: unapanda ukiiacha kila chakra nyuma yako, imekwisha kazi. Pili, unashuka tena, na zoezi linarudiwa katika ibada inayofuata. Wazo la "chakra iliyoziba" inayohitaji "kusawazishwa" ili mtu awe na furaha kazini halina nafasi katika mpangilio huu. Mtu wa tantra anataka kupita kabisa ile nafsi ambayo darasa la leo linataka kuitengeneza.

Kwa Leadbeater, kazi ni kukuza uwezo wa kuona na kujua mambo yasiyoonekana, kwa tahadhari kubwa na bila kuharakisha kundalini.

Kwa upinde wa mvua, kazi ni kujichunguza. Kila chakra ni mada ya maisha: usalama, hisia na mapenzi, nguvu ya kuamua, upendo, kusema ukweli, utambuzi, na uhusiano na kilicho juu yako. Anodea Judith, ambaye kitabu chake cha 1987 kilienea sana, aliufanya mpango huu kuwa karibu na tiba ya nafsi. Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, alikuwa ametangulia kwa mihadhara yake ya Zurich mwaka 1932, akizisoma chakra kama ngazi za ufahamu.

Nisiwaonee watu wa kisasa. Kuhusisha chakra na hisia hakukuanza Ulaya. Sangitaratnakara, kitabu cha muziki cha Sharngadeva cha karne ya 13, tayari kinazipa petali hali za moyo na kusema zipi zinamsaidia mwimbaji. Lililo jipya ni kuifanya kila chakra sura moja ya tabia, na ngazi nzima kuwa historia ya maisha ya mtu.

## Rangi zimetoka wapi?

Rangi za Purnananda zina sehemu mbili, na wengi huzichanganya. Iko rangi ya petali, na iko rangi ya umbo la asili lililo ndani ya ua. Muladhara ina petali nyekundu lakini ndani yake mna mraba wa ardhi wa njano. Swadhisthana ina petali nyekundu, na ndani mwezi mwandamo mweupe wa maji. Rangi ya umbo hufuata asili yake. Hakuna ngazi ya rangi inayopanda kwa mpangilio.

Rangi za Leadbeater ni zile alizosema aliziona: moyo wa dhahabu, koo la buluu na fedha, paji nusu waridi na njano, nusu zambarau.

Mpangilio wa upinde wa mvua una historia fupi. Mwaka 1704 Isaac Newton alichapisha kitabu chake kuhusu nuru, akiugawa upinde katika rangi saba ili ulingane na hatua saba za muziki. Theosofia ilipenda hesabu za saba. Katika miaka ya 1970, Christopher Hills, aliyekuwa akifundisha California, alizipanga chakra saba juu ya rangi saba kwa mfululizo, na toleo la 1977 la kitabu chake liliusambaza mpango huo. Kwa hiyo kijani cha moyo kina umri wa miongo michache tu. Mawe, manukato na noti za muziki vilivyopangwa sambamba na chakra vilifuata njia hiyohiyo.

## Nani anafundisha, na kwa sharti gani?

Tantra inataka diksha: guru anakupokea, anakupa mantra, na unafuata utaratibu wa ukoo wa walimu. Matini ni fupi na zina mafumbo kwa sababu zilidhania mwalimu yuko kando yako. Anayeisoma peke yake atapata maelezo, lakini hatapata mazoezi. Upinde wa mvua hauna sharti. Yeyote anaweza kuusoma na kuufundisha, na huo ndio uzuri wake na pia udhaifu wake, kwa sababu hakuna anayeweza kumwambia mwalimu kwamba amekosea.

## Mfano mmoja: Manipura

Chukua bango lolote na utazame kitovu. Utaona ua la njano lenye petali kumi, pembetatu nyekundu iliyogeuzwa chini, na herufi ya "ram". Chini yake kumeandikwa kujiamini, nguvu ya kuamua, mmeng'enyo wa chakula.

Sasa fungua Purnananda. Petali kumi ni zilezile, lakini zina rangi ya wingu lililojaa mvua, na kila moja ina herufi yake. Pembetatu ni ileile, ya moto, nyekundu kama jua linalochomoza. "Ram" ni ileile, na imepanda kondoo dume, ambaye kwenye mabango mengi ameondolewa. Ndani yake yuko mungu Rudra, mzee mwekundu anayeonekana mweupe kwa majivu aliyojipaka, na pamoja naye mungu wa kike aitwaye Lakini, mwenye mikono minne, mweusi, aliyevaa nguo za njano. Mwenye kutafakari hapo, matini inasema, anapata uwezo wa kuumba na kuharibu, na Saraswati, mungu wa kike wa elimu, anakaa kinywani mwake.

Kabla yao wote, Yoga Sutra ya Patanjali inataja gurudumu la kitovu kwa sentensi moja: ukiliwekea akili yako, unajua mpangilio wa mwili. Haina rangi, petali wala mungu.

Bango basi ni mchanganyiko. Petali, pembetatu na silabi ni za kale. Njano ni ya miaka ya 1970. Kujiamini ni saikolojia ya karne ya 20. Mmeng'enyo una mizizi mirefu kidogo, kwa kuwa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, nayo inaweka moto wa chakula tumboni. Ukijua kutenganisha tabaka hizi kwa Manipura, unaweza kuifanya kazi hiyohiyo kwa bango zima. Ukiona petali, herufi, mnyama na mungu, uko upande wa kale; ukiona tezi, jiwe, noti ya muziki au hisia moja iliyotawala, uko karne ya 20.

## Uchague lipi?

Kama wewe ni Mhindu unayetaka kuchimba zaidi ibada unayoijua, au mwanafunzi wa dini na historia ya India, anza na Purnananda kwa tafsiri ya Woodroffe. Ila soma pia Hevajra au Kubjikamata, angalau kwa muhtasari, usije ukadhani mpango mmoja ndio yoga yote. Kwa mazoezi, tafuta guru wa ukoo unaojulikana, na usijaribu kuunganisha hatua kutoka vitabuni.

Kama unataka lugha ya kujitazama, au wewe ni mshauri nasaha ambaye wateja wako hupenda picha kuliko nadharia, upinde wa mvua unafaa. Maswali yake ni mazuri: nahisi salama? nasema ninachomaanisha? Utumie kama kifaa cha kisasa, na usiupe umri usio wake.

Kama wewe ni Mwislamu au Mkristo unayehudhuria yoga kwa ajili ya mgongo na pumzi, ni haki yako kujua kwamba simulizi la kale ni ibada kamili, yenye miungu katika kila kituo na mantra za kuwaita. La kisasa limeondoa mengi ya hayo, lakini silabi kama "ram" na "vam" mara nyingi zimebaki. Muulize mwalimu kabla ya darasa kama kutakuwa na kutamka mantra, kisha uamue mwenyewe au na kiongozi wako wa dini. Mazoezi ya viungo yanaweza kufanywa bila kutaja chakra hata moja.

Kama wewe ni mwalimu wa yoga, Leadbeater anakufaa zaidi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu utaona kwake mahali mambo mengi unayoyarudia yalipogeuka. Darasani sema "katika mpango wa kisasa moyo ni kijani, kwa Purnananda ni mwekundu." Haikuchukui hata dakika.

Na kama umekuja hapa kwa sababu mtu amekwambia maumivu ya tumbo lako ni Manipura iliyoziba na anakuuzia jiwe la njano, hakuna hata simulizi moja kati ya haya matatu linaloweza kusoma tumbo. Kupumua taratibu na kutulia kunaweza kukupunguzia wasiwasi, na hilo ni jema. Lakini maumivu yasiyoisha, kupungua uzito au kutapika damu ni vya daktari, na jiwe lisubiri.